YAH: PROGRAMU KUWA NZITO KUPITA KIASI

Mdogo wangu,

Habari za kazi, na habari za Arusha. Sisi huku Moshi hatujambo, mvua inanyesha na mlima umejifunika tangu wiki ianze. Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu tunaishia kubishana, na mwenyekiti amesema mambo ya ofisi yawe kwenye maandishi ili kesho na keshokutwa mtu asije akasema hakuambiwa.

Programu ni nzito. Ningeweza kuishia hapo nikatia sahihi, ila najua utarudi na maswali yako, kwa hiyo acha niyamalize yote hapa hapa.

Ni nzito kila mahali. Kuifungua ni kazi, kuitumia ni kazi, na hata ukitaka kutoka inakung'ang'ania. Kuna asubuhi inaanza vizuri hadi unamshukuru Mungu, ukigeuka tu kumsikiliza mtu, ukirudi imeganda. Unabonyeza kile kitufe, kiduara kinaanza kuzunguka. Unabonyeza tena, kinazunguka. Unabonyeza kwa hasira, skrini nzima inapauka kama chai iliyozidi maziwa, na juu kule kwenye jina la dirisha panaandikwa Not Responding. Hapo binti wa kaunta ananiangalia mimi, mimi naangalia dirishani, na watu walio kwenye benchi wanatuangalia sote wawili.

Juzi uliniuliza, "Dada, ni nzito kiasi gani?" Nikakujibu ni nzito sana, ukanyamaza kama vile hujajibiwa. Mimi sikai na saa mkononi kuipigia programu yako mbio. Nina watu mbele yangu. Mtu mzima aliyekaa kwenye kiti hicho tangu kabla hujamaliza chuo akikwambia kitu kimekuwa kizito, kimekuwa kizito.

Ukauliza tena, ndani kuna vitu vingi kiasi gani? Vimo vyote. Kila tulichowahi kuingiza kimo, hatujafuta hata kimoja, maana wewe mwenyewe siku ile ya kutufundisha ulisimama hapa ukasema tusifute kitu.

Halafu ukauliza huwa tunafanya nini pale inapoganda. Tunafanya kazi! Hili swali kwa kweli liliniuma, nikamsimulia mwenyekiti, naye akasema labda unadhani tunacheza karata.

Sasa usije ukaniambia ni kompyuta yetu. Hilo ulishalisema, nasi tukalifanyia kazi. Tulimwita fundi wa pale Double Road, akaifungua, akaipuliza vumbi, akasema diski yake ni ile ya zamani yenye sahani inayozunguka, na memori ni ndogo. Akatoa hiyo diski, akaweka SSD, akaongeza RAM ikafika GB 8. Risiti ninazo kwenye faili na mweka hazina bado ananinunia. Matokeo yake, kompyuta sasa inawaka upesi, Excel inafunguka hapo hapo, printa inaitika. Programu yako iko vile vile. Kama ugonjwa ungekuwa wa kompyuta, si na hiyo Excel ingeugua?

Wala usiniambie ni mtandao. Nilibadilisha laini, nikanunua bando kubwa la mwezi kwa hela yangu, halafu ndipo ukanijibu kwamba programu haitumii intaneti kabisa, kila kitu kiko humu humu ndani ya mashine. Ungelisema hilo kabla sijaenda kwa wakala. Na ningekukumbusha jambo moja: Mei 2024 zile nyaya za chini ya bahari zilipokatika, na mtandao ukawa wa kuokoteza nchi nzima, sisi programu yako ilikuwa inakimbia tu. Watu wa ofisi nyingine walikaa wanapiga miayo, sisi tunachapa kazi. Nilikusifia kwa watu. Waulize.

Kuhusu Windows, sawa, ya kaunta ni Windows 10, na nimekuelewa uliposema Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Lakini mpwa wangu anayesoma kompyuta hapo Arusha anasema kukosa masasisho ni habari ya usalama, hakuifanyi programu iliyokuwa nyepesi ilale. Naye ni kijana kama wewe, mmalizane huko. Ninachojua mimi ni kwamba uzito huu ulianza kabla ya hapo.

Huyo huyo mpwa ndiye aliyenielekeza nibonyeze Ctrl + Shift + Esc wakati imeganda, niangalie Task Manager. Nikabonyeza. Likatokea dirisha lenye orodha ndefu, namba zinapanda na kushuka, na mstari mmoja kule juu umekolea rangi ya chungwa kuliko mingine yote. Nikaangalia wee. Hakukuwa na neno lolote la Kiswahili wala maelezo kwamba tatizo ni hili, nikalifunga. Siku nyingine likaja boksi dogo katikati ya skrini, Kiingereza kitupu, mistari kama mitatu hivi. Nikabonyeza OK likaondoka. Halijarudi, kwa hiyo sidhani kama linahusika.

Nimekutumia picha kwenye WhatsApp. Samahani, nimepiga kwa simu na taa ya juu inamulika kwenye kioo, kwa hiyo katikati unaniona mimi na kabati la mafaili, ila pembeni kiduara kinaonekana vizuri. Kulikuwa na video pia. Ilikuwa ndefu mno, ikakataa kwenda, ndipo binti akaipunguza: akakata pale mwanzo tunapobonyeza, akakata na pale mwisho inapofunguka, akabakiza katikati inapozunguka. Hapo utaona mwenyewe.

Nataka ujue hili jambo linatugharimu nini, maana wewe uko Njiro kwenye kiti chako cha kuzunguka na hizi aibu huzioni. Wiki iliyopita alikuja mzee mmoja kutoka Kirua Vunjo. Ameshuka mlimani asubuhi, kavaa koti lake la kanisani, fimbo mkononi, bahasha ya kaki kaikunja mara mbili kaitia mfuko wa ndani. Alichokuwa anataka ni kitu kidogo tu. Binti akabonyeza, kiduara kikaanza. Mzee akatoa miwani, akaifuta, akaivaa, akaisogelea ile skrini pale kaunta kwa adabu kabisa, akaitazama, akauliza, "Mwanangu, hii mashine inasali?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka, nifanyeje. Akarudi kukaa. Akatuhadithia habari za mvua zilivyoharibu migomba, akatuhadithia za wajukuu walioko Dar, akasinzia kidogo, akaamka, kiduara kipo. Mwishowe akasimama akasema anaogopa kukosa gari la kupanda, atarudi Jumatatu. Nilimsindikiza hadi mlangoni, nauli yake imepotea, na hakunilaumu. Angenilaumu ningejisikia nafuu.

Tangu siku hiyo nimemwambia binti arudi kwenye kaunta buku. Mchana kutwa anaandika kwa kalamu, jioni tukishafunga mlango ndipo tunakaa wawili kuingiza yote kwenye programu. Na hiyo jioni ndiyo balaa lenyewe. Inaganda, tunaizima, tunaiwasha, hatujui kilichoingia ni kipi na ambacho hakijaingia ni kipi, tunaamua kuingiza upya ili tuwe na uhakika. Mume wangu sasa ananiuliza kama programu hii tuliletewa ili tuwahi nyumbani au tuchelewe.

Ninachoomba ni hiki. Uje mwenyewe. Moshi na Arusha ni kilomita kama 80, panda Coaster asubuhi na mapema, ukipita Boma Ng'ombe nipigie nikutengee kompyuta. Usimtume yule kijana wa mafunzo kwa vitendo, ni mtoto mzuri na ana heshima, lakini alikuja akaizima akaiwasha, akala chakula, akaondoka, na kuizima na kuiwasha hata sisi tunajua. Na tafadhali sana usibadilishe rangi. Mara ya kwanza tulipolalamika ulituletea toleo jipya lenye vitufe vya bluu badala ya kijani, na kile nilichozoea kubonyeza ukakihamishia kushoto. Hatukuomba bluu.

Wala usinitumie tena ile fomu yako ya kujaza, sijui hatua ya kwanza ulifanya nini, ya pili ukaona nini, ulitegemea nini. Nilitegemea ifanye kazi. Nikijaza fomu ile nitakuwa nimeshafanya nusu ya kazi yako, na malipo hatugawani.

Kuhusu malipo, kwa kuwa umeulizia: hela ya matunzo ya mwaka iko kwenye bajeti na hakuna aliyeikataa. Mwenyekiti amesema tu kwamba hatasaini vocha mpaka aone programu imechangamka kwa macho yake. Nimejaribu kukutetea. Nimemwambia wewe ni mtu wa hapa hapa, mama yako tunasali naye, hutatutupa. Akasema vizuri, basi aje.

Ningependa jambo hili liishe kabla ya Desemba. Unajua hali inavyokuwa. Wachaga wakianza kurudi nyumbani, mji unajaa, na kila aliyekuwa na shida yake tangu Januari anaikumbuka akiwa likizo, anakuja na gari lake la Dar anataka ahudumiwe leo hii aende mlimani. Hao si kama yule mzee wa Kirua. Hao hawatasinzia kwenye benchi.

Nasubiri uniambie unakuja lini. Nikifungua ofisi Jumatatu nataka niikute nyepesi kama ilivyokuwa siku ya kwanza.

Dada yako,
Mhasibu, Moshi

N.B. Binti ananikumbusha nikwambie kwamba kwenye kompyuta ya mwenyekiti, ile uliyomwekea mwezi uliopita, programu haigandi hata kidogo na kila kitufe kinaitika. Ila hiyo usiihesabu, mwenyekiti bado hajaingiza kitu chochote humo.