Kitambaa cha Bibi

Refa alipuliza filimbi, mashavu yakamjaa, na sebuleni kwetu Kirumba hatukusikia kitu. Babu akabonyeza rimoti ya tivii mpaka namba ikafika 60. Kimya.

"Hii imekufa," nikasema.

"Nani kakwambia? Mume mwenzangu, lete hiyo stuli."

Babu ametengeneza injini za mitumbwi pale Mwaloni tangu baba yangu hajazaliwa. Kwake kila kitu ni injini, hata jino likimuuma. "Injini ikigoma hufungui kichwa kwanza. Unafuata mafuta yanakotoka. Haya, sauti inatoka wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole: kwenye king'amuzi, inaingia kwenye tivii, halafu inapita waya wa HDMI mpaka kwenye saundiba, ile spika ndefu aliyoileta baba mdogo. Babu akaniambia niirudishe sauti kwenye spika za tivii yenyewe. Nikaingia kwenye mipangilio, nikachagua, na mtangazaji akasikika, mwembamba kama nyuki ndani ya kopo.

"Basi mafuta yanafika hapa," akasema Babu. "Rudisha kule kule. Mimi mpira wa nyuki siangalii."

Nikarudisha. Tukavuta waya, tukaona umechomekwa kwenye tundu lililoandikwa ARC, upande huu na upande ule. Taa ya saundiba inawaka. Sasa tatizo nini?

Babu akapiga magoti, magoti yakalia kuliko tivii. Akafunua kitambaa cha kufuma ambacho Bibi hutandika juu ya kila kitu kisichotembea. Chini yake kulikuwa na kioo kidogo, herufi zinang'aa: BT.

Bluetooth! Jumapili baba mdogo alipiga kwaya kwa simu yake humo, akaondoka zake Sengerema na kivuko, spika ikabaki inamsubiri yeye. Nikabonyeza kitufe cha pembeni: AUX, OPT, kisha ARC. Tukatega masikio.

Kimya bado.

"Soma tena," Babu akasema. Hakuwa na miwani. Herufi zilikuwa zinawaka na kuzimika: MUTE.

"Imezibwa mdomo, Babu. Inataka rimoti yake."

Tukaitafuta chini ya makochi, juu ya friji, kwenye kapu la vitunguu. Mwishowe Bibi akatokea jikoni, mikono imejaa magamba ya sato, akaelekeza kwa kidevu kwenye kabati la vyombo. Rimoti ilikuwa ndani ya birika la wageni.

"Jumapili mlinipigia kelele nikisali," akasema. "Nikaifunga. Mngeniuliza."

Babu hakumjibu. Akanipa rimoti, nikabonyeza mara moja. Sebule nzima ikatetemeka: ilikuwa mapumziko, wanatangaza sabuni ya unga. Tukakaa kimya tukalisikiliza tangazo lote, neno kwa neno, mpaka mwisho.