Yah: Maoni yako juu ya rasimu ya tasnifu, na ratiba ya marekebisho

Tanga, Jumatatu, 3 Februari 2025

Profesa, shikamoo.

Nimeyapata maoni yako pamoja na rasimu ya tasnifu yangu juu ya mkonge, iliyojaa wino mwekundu. Nimeyasoma, nikayaacha yapoe, nikayarudia. Sehemu kubwa nakubaliana nayo. Pale nisipokubali nimesema humu humu, ili tusije tukapishana mbele ya safari.

Sura ya pili umeiita gunia la nukuu, na ndivyo ilivyo. Nimempanga kila aliyeandika kuhusu mkonge tangu Mjerumani Hindorf alipoleta miche mwaka 1893, na msomaji anamaliza sura bila kujua mimi nimesimama wapi. Naiandika upya kwa swali moja: wenye mashamba walimpataje mtu wa kukata mkonge, na walimzuiaje asiondoke? Kisichojibu swali hilo kinatoka, zikiwemo zile kurasa za reli ya Usambara. (Nilizipenda, lakini hazina kazi pale.)

Lililoniuma zaidi ni la sura ya nne. Nimeandika kwamba utaifishaji ndio ulioua mkonge, nawe ukauliza pembeni, "Bei ilianguka lini?" Swali la maneno matatu limebomoa sehemu nzima. Bei ya dunia ilianza kuporomoka baada ya 1964, nyuzi za viwandani ziliposhika soko, na Azimio la Arusha ni la Februari 1967. Mgonjwa alishalala kitandani kabla ya serikali kuingia chumbani. Nitatenganisha kilichotokana na bei na kilichotokana na usimamizi baada ya mashamba kuchukuliwa, na pale ushahidi wangu usipotosha kuvitenganisha nitasema hivyo waziwazi.

Umeuliza pia kwa nini wanaume peke yao ndio wanaozungumza. Nina mahojiano ya kina mama walioanika singa za mkonge na kupalilia, ila niliyasukuma kwenye kiambatisho. Yanaingia sura ya tatu.

Naomba tujadiliane jambo moja tu. Umeniambia niondoe sehemu inayohusu kipande, ile kadi ya kazi ya kibarua, kwa sababu ni pambo. Pale ilipo, kwenye utangulizi, kweli ni pambo. Lakini mzee mmoja wa Muheza, aliyekuja kama manamba, kibarua wa mkataba, akiwa kijana, alinitolea kipande chake kutoka kwenye mfuko wa nailoni, kimekunjwa hadi mikunjo inakatika. Kina visanduku 30. Siku aliyomaliza ngwe, yaani kipimo chake cha kazi ya siku, kisanduku kina alama. Siku aliyoshindwa kiko kitupu, na kitupu hakikulipwa. Kuna mahali vitupu vinafuatana, naye akasema ulikuwa wakati wa masika, alikuwa na homa. "Mwezi" wake ule haukuisha kwa kalenda, uliisha ngwe ya thelathini ilipotimia. Kwangu hili ndilo jibu la swali la sura ya pili: mtu hakuhitaji kufungiwa, hesabu yenyewe ilimshika. Napendekeza kihamie sura ya tatu, kisomwe sambamba na kumbukumbu za SILABU, ofisi ya kuajiri vibarua iliyoanza 1944, ili tusikie na upande wa waajiri. Ukiisoma hapo bado ukaona haifai, nitaitoa bila ubishi.

Tanbihi na marejeo nimeshaanza kuyasafisha; hilo halina mjadala.

Kuhusu muda, sura ya pili nitakuletea Jumatatu tarehe 24 Februari, kabla Ramadhani haijaanza. Kuanzia kesho hadi katikati ya mwezi nitakuwa nazipitia ripoti za zamani za Bodi ya Mkonge hapa mjini, kisha nitakuja Dar es Salaam kusoma majalada ya Nyaraka za Taifa. Sura ya tatu naahidi Ijumaa tarehe 21 Machi. Kwenye mfungo kasi yangu hupungua mchana, kwa hiyo nimejipa nafasi. Sitaki kukuahidi tarehe ya mapema halafu nikuombe radhi. Sura ya nne ndiyo ngumu, na siigusi mpaka baada ya Idi. Itakufikia tarehe 14 Aprili. Rasimu nzima, pamoja na utangulizi na hitimisho vilivyoandikwa upya, itakuwa mezani kwako Ijumaa tarehe 2 Mei. Tarehe hizi zikigongana na ratiba yako ya kusahihisha mitihani, niambie nizisogeze mapema kuliko kuzisogeza dakika ya mwisho.

Nina maombi mawili. Nahitaji barua ya utambulisho ya kupeleka Nyaraka za Taifa, yenye kichwa kipya cha utafiti. Na kama una nusu saa wiki ya tarehe 17 Februari, ningependa nikuoneshe picha za kipande hicho kabla sijaandika neno lolote juu yake. Siku yoyote utakayosema nitakuja. Nikipata jibu mapema nitakata tiketi ya basi la alfajiri.

Mwanafunzi wako,
Mwanaidi