Wafuasi 1,840, wanunuzi hakuna: jibu kwa mdogo wangu wa Ujiji

Mdogo wangu,

Habari za huko Ujiji. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, na picha za skrini ulizonitumia nimezipitia moja moja jana usiku, watoto walipolala. Umeniuliza: "Dada, watu 1,840 wananifuata, video zinapendwa, mbona miezi mitatu nimeuza vipande 6 tu vya sabuni, na vinne kati ya hivyo kanunua shangazi?" Swali hilo liliwahi kuninyima usingizi mimi pia, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu.

Usidhani wafuasi wako wameikataa sabuni. Wengi wao hawakuja kununua tangu mwanzo. Walikuja kujifunza kupika sabuni.

Nimehesabu posti zako. Ziko 43. Katika hizo, 29 zinakuonyesha ukichanganya, ukikoroga, ukimimina kwenye fremu ya mbao, ukikata. Tisa ni picha za sabuni iliyokwisha kufungwa, na tano ni salamu za Ijumaa na maneno ya kutia moyo. Posti yenye bei hakuna hata moja. Sasa tazama ile video yako iliyopendwa kuliko zote, ile ya rojo la rangi ya chungwa likimiminwa. Soma komenti zake: "Kostiki unaweka kiasi gani?" "Fremu umenunua wapi?" "Unafundisha, dada?" Hao ni mafundi wenzako na wanaotaka kuwa mafundi. Wanakupenda kweli, lakini mtu anayejifunza kupika sabuni hanunui sabuni, anataka kupika yake.

Hapo hapo, kabla sijasahau: yule aliyeuliza kostiki ulimjibu "vijiko vitatu". Jibu hilo lifute leo. Kostiki soda hupimwa kwa mizani, kwa gramu. Kilo 1 ya mawese hutumia kama gramu 140 kugeuka sabuni yote, na sisi tunaweka pungufu kidogo ili mafuta machache yabaki kulainisha ngozi. Kijiko cha mwenzako si sawa na chako, na mtu ataungua. Tena akumbuke kumwaga kostiki ndani ya maji, asimwage maji juu ya kostiki, maana huchemka ghafla na kuruka usoni.

Turudi kwenye wafuasi. Kwenye ule ukurasa wa takwimu za akaunti yako, miji imepangwa hivi: Dar es Salaam asilimia 46, Nairobi 11, Mwanza 8, Kigoma 4. Asilimia 4 ya watu 1,840 ni kama watu 74. Hao 74 ndio duka lako kwa sasa. Mtu wa Dar akitaka kipande kimoja cha shilingi 5,000, wewe mwenyewe umeniambia kwamba basi linakutoza 5,000 kwa kifurushi kidogo. Kwa hiyo kipande kimoja kinamfikia kwa 10,000, baada ya safari ndefu, na bado atakwenda stendi kukichukua. Hata mimi nisingenunua. Dar utauza siku ukipata mtu wa kuchukua vipande 50 kwa mkupuo akauze yeye.

Lakini hata wale 74 wa hapa nyumbani, watajuaje kwamba uko Ujiji? Maelezo ya akaunti yako yanasema "Sabuni asilia, Tanzania". Tanzania ni kubwa. Dada wa Gungu akisoma hivyo anadhani uko Arusha. Yabadilishe yasomeke hivi:

"Sabuni ya kuogea ya mawese na mise. Ujiji, Kigoma. Kipande kidogo 2,000, kikubwa 3,500. Kila Jumamosi naleta Mwanga, Gungu na Kibirizi. Agiza WhatsApp."

Chini yake weka kiungo cha WhatsApp, ili mtu abonyeze tu bila kunakili namba. Kinaandikwa wa.me/ kisha 255 kisha namba yako bila ile sifuri ya mwanzo, wala usiweke alama ya kujumlisha.

Kuhusu bei nina neno, na naomba usinikasirikie. Hii "bei njoo inboksi" inakuua. Mtu mmoja, katika komenti zote zile, aliuliza "Bei?" Ukamjibu baada ya siku mbili: "Karibu inboksi mpendwa." Hakuja. Anayeficha bei huonekana ana bei ya kutisha, au bei anayoipanga kwa kuangalia sura ya mtu. Wanunuzi wetu wamezoea kusimama mbele ya genge na kuuliza bei, wakajibiwa hapo hapo. Iandike juu ya picha yenyewe, kwa tarakimu kubwa.

Na 5,000 kwa kipande kimoja, kwa mji huu, ni nzito kwa mara ya kwanza. Mteja analinganisha kichwani na sabuni ya mche anayoikata vipande na kuogea nyumba nzima wiki kadhaa. Hajui kama ngozi yake itaipenda yako. Umeniambia mafuta, kostiki na karatasi vinakugharimu 1,150 kwa kipande. Basi kata kipande katikati. Nusu inakugharimu kama 600 ukihesabu na karatasi ya pili, uza 2,000. Hiyo ndiyo ya kujaribia. Akirudi, kikubwa kipo kwa 3,500. Mimi wateja wangu wengi wa kudumu walianza na kile kidogo.

Sasa nikusimulie kilichonibadilisha, maana sikukitoa kwenye simu. Mwaka wangu wa kwanza nami nilikuwa naposti kila siku na kusubiri. Jumamosi moja nikachoka, nikabeba vipande 20 kwenye beseni, nikaketi pembeni ya mwenzangu anayeuza nyanya soko la Mwanga. Kipande kimoja nilikikata katikati nikakiacha wazi. Akaja mama mmoja na kikapu cha dagaa, akakichukua, akanusa, akakikwaruza kwa ukucha wa kidole gumba, akautazama ukucha. Akauliza: "Hii rangi haipaki taulo?" Nikasema haipaki. Akaniangalia tu. Basi nikaomba maji kwa jirani, nikalowesha kitambaa cheupe nilichofunikia beseni, nikakisugua na sabuni mbele yake, nikakisuuza. Kikatoka cheupe. Akauliza tena: "Inakaa siku ngapi?" Kisha: "Mtoto mchanga je?" Nikamwambia kwa mtoto mchanga bado, atumie yeye kwanza. Akanunua viwili.

Jioni nilirudi na vipande 9, na daftari lenye maswali yote niliyoulizwa. Posti zangu za mwezi uliofuata zilitoka kwenye daftari lile. Kitambaa cheupe kikawa video ya sekunde 20. "Inakaa siku ngapi" nikaijibu kwa kupiga picha kipande kile kile bafuni kwangu kila Jumapili, mpaka kikaisha. Nilieleza kwa nini naweka mise pamoja na mawese: mawese hukaza kipande, mise ndiyo hutoa povu la kutosha. Video hizo zilipendwa na watu wachache mno kuliko za kumimina rojo. Lakini waliozitazama walipiga simu.

Kwa hiyo usiache kabisa kuonyesha upishi, unapendeza na unajenga imani. Weka moja kwa wiki. Zinazobaki zijibu maswali ya mtu anayeoga.

Kuna posti mbili nataka uziondoe. Ile inayosema sabuni "inaondoa chunusi na madoa ndani ya siku saba", na ile ya "inang'arisha". Huna kipimo cha kuthibitisha hayo, na ukiahidi tiba utaulizwa habari za dawa. Tena neno "inang'arisha" linawafukuza wale wale unaowataka. Watu wameona nyuso zilizoharibiwa na mkorogo, na wanajua kwamba vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini. Akina mama makini wakiliona neno hilo wanaondoka kimya. Andika viungo vyote, kimoja kimoja, basi.

Ukiulizwa kuhusu TBS, usikwepe. Tangu 2019 vipodozi viko chini yao, sabuni za kuogea zikiwemo. Anzia ofisi ya SIDO ya mkoa, wana kazi ya kuwaelekeza wajasiriamali wadogo kama sisi hatua za kufuata. Nenda mwezi huu huu, usisubiri uwe mkubwa.

Nina wasiwasi mmoja, na hili nalisema kwa uchungu kwa sababu nililifanya. Katika picha yako ya tarehe 4 sabuni ziko kwenye fremu, na tarehe 15 unasema "zipo tayari". Siku kumi na moja hazitoshi. Hii ya kuchanganya bila kuchemsha inataka wiki 4 hadi 6 juu ya rafu, yenye hewa, mbali na jua, maji yatoke na kipande kikaze. Mimi niliwahi kuuza za wiki mbili kwa sababu kodi ya chumba ilikuwa imefika. Ndani ya siku tano zilikuwa uji kwenye visahani vya wateja. Watatu kati yao hawakununua kwangu tena hadi leo, na mmoja nakutana naye kila wiki kwenye daladala. Siku hizi naandika kwenye karatasi ya kufungia tarehe ya kupika na tarehe ya kuanza kutumia. Wateja wanaipenda tarehe ile kuliko ua nililochora.

Ukipata mnunuzi asiye ndugu, mtumie ujumbe baada ya siku kumi. Usimuuzie kitu, muulize tu ngozi inaendeleaje. Akijibu vizuri, omba ruhusa uweke maneno yake kwenye ukurasa, bila jina kama hataki. Neno la jirani wa Gungu lina nguvu kuliko pongezi za watu wa mbali.

Usihangaike tena na "nifuate nikufuate". Namba inapanda, na ndiyo hiyo iliyokudanganya.

Jumamosi hii niko soko la Mwanga kuanzia saa moja asubuhi, mahali pale pale karibu na nyanya. Nimekutengea nafasi kwenye meza. Njoo na vipande vyako vilivyotimiza wiki 4, usilete vya tarehe 15. Kimoja kikate nusu nusu ukiwa nyumbani, uje na kitambaa cheupe na daftari. Maji ninayo.

Dada yako wa Mwanga