Barua ya kukabidhi daftari la mihtasari

Kikundi cha Kufa na Kuzikana,
Ngamiani, Tanga.
7 Juni 2025

Mdogo wangu Zuhura,

YAH: KUKABIDHI DAFTARI LA MIHTASARI

Hongera tena kwa kuchaguliwa. Pamoja na barua hii pokea daftari la mihtasari, kaunta buku la kwaya tatu. Linaanzia kikao cha Januari 2019 na kuishia mkutano mkuu wa Jumapili iliyopita. Kurasa nimezipa namba kwa mkono, zilizoandikwa zinafika 187.

Karatasi ya ukurasa wa 63 na 64 hutaiona. Niliichana mwenyewe baada ya kuikosea, nikainakili upya kuanzia ukurasa wa 65, na mwenyekiti akasaini pembeni. Lilikuwa kosa, maana hadi leo wapo wanaouliza kulikuwa na nini. Siku hizi nikikosea napiga mstari mmoja, neno libaki linasomeka, kisha natia saini.

Kuna muhtasari mmoja haujathibitishwa: wa kikao cha dharura cha 9 Machi, ukurasa wa 181. Aprili akidi haikutimia, na mkutano mkuu ulikuwa wa uchaguzi tu. Humo ndimo limo azimio la wakwe, kwamba mwanachama akifiwa na mkwe apewe shilingi 100,000. Wapo wanaodai usafiri uko nje ya hiyo laki. Nilichoandika palepale kikaoni, kilichomo kwenye bahasha ya kaki nyuma ya daftari, kinasema "pamoja na usafiri". Usiitupe karatasi hiyo, na muhtasari huo uwe ajenda ya kwanza kikao kijacho, kabla ya yatokanayo.

Jambo la haraka ni benki. Wanataka nakala ya muhtasari wa uchaguzi yenye saini na muhuri, pamoja na mahudhurio, ndipo wabadilishe watia saini. Nakala tatu zimo kwenye bahasha hiyohiyo. Nenda na mweka hazina wiki hii. Saini yangu bado ndiyo inayotoa fedha, nami nahamia Muheza kwa mwanangu. Msiba ukitukuta usiku mtahangaika.

Kuhusu kuandika, utapata mkono wako. Ila matusi yaache hukohuko kikaoni: andika hoja, azimio, nani atekeleze na lini. Mwaka juzi ule ugomvi wa masufuria niliuandika neno kwa neno, basi kikao kilichofuata chote kikaishia kusahihisha nani alisema nini, na masufuria yenyewe hayakuzungumzwa.

Muhuri, pedi, katiba na faili la barua vimo kwenye mfuko mmoja na daftari. Funguo za stoo ya maturubai hazimhusu katibu, hata wakikuletea usizipokee.

Hesabu kurasa kwanza, kisha usaini nakala zote mbili za barua hii, moja inirudie.

Dadako,
Mwanaidi
Katibu anayemaliza muda wake