Jabali hana maneno

Jabali haongei. Mpwa wangu Shafii alitueleza hilo njia nzima, kutoka Chuno, Mtwara mjini, mpaka Nanguruwe, akiwa amebanwa kwenye Haisi kati yangu na kreti la soda la mtu. Jabali ana uso mgumu, meno nje, masikio makubwa. Akiona ubaya anapiga mguu chini, ardhi inatikisika, kisha anajigonga kifua mara mbili na kunyoosha kidole juu. Basi. Katuni imeisha. Dada yangu anaapa mtoto anaweza kuitazama mara nne kwa siku, na wali ukapoa mbele yake.

Tulikuwa tunakwenda kwa mama. Ilikuwa Juni, shule zimefungwa, mikorosho imepuliziwa salfa hadi inanukia barabarani, na vijana wa kijiji walikuwa wanatoka jandoni. Mama alikuwa ameshachinja.

Saa kumi hivi ngoma zikabadilika mlio. Anayejua anajua. Wanawake waliokuwa wakicheza walirudi nyuma, watoto wakajibana kwenye khanga za mama zao, na kutoka upande wa kichakani njuga zikasikika. Lipiko.

Kwetu Wamakonde lipiko si mtu. Ni mzimu uliotoka ardhini kuja kuwatia adabu wanawake na watoto, na aliyepita jandoni hasemi zaidi ya hapo, kwa hiyo nami sisemi. Alikuwa amevishwa vitambaa kutoka shingoni hadi vidoleni, hakuna ngozi inayoonekana. Kichwani kinyago cha mti, nywele za kweli zimegandishwa, meno yametokeza. Alikuja akitetemeka mabega. Msichana mmoja wa darasa la sita alikimbia akaacha kandambili.

"Jabali!"

Nilichelewa. Shafii alishapita katikati ya wapiga ngoma, mikono imetanuka, akaenda kumkumbatia mzimu mguu.

Ngoma zikanyamaza, moja baada ya nyingine, ile kubwa ya mwisho. Mzee mmoja alinitazama mimi, si mtoto. Ndiyo, mjomba ndiye mwenye mtoto kwetu, aibu yake yangu. Lipiko akapiga mguu chini kwa hasira ili kumfukuza. Kosa kubwa! Shafii akaruka kwa furaha, akampigia makofi, kisha akajigonga kifua mara mbili na kunyoosha kidole angani, akasubiri.

Kila mtu alisubiri.

Kinyago kiligeuka kwa wazee, kikageuka kwangu, kikainama kwa mtoto. Halafu mkono uliofungwa vitambaa ukagonga kifua. Mara moja. Mara mbili. Kidole kikapanda juu.

Sijawahi kusikia wanawake wa Nanguruwe wakicheka vile. Hata yule mzee aligeuka pembeni akajifanya anafunga kamba ya ngoma. Na katikati ya kicheko hicho ndipo mzimu akakohoa. Kikohozi kikavu, kirefu, cha mtu aliyekaa ndani ya mti na vumbi tangu saa nane.

"Bibi!" Shafii akapaza sauti. "Jabali ana kifua! Mpe tangawizi!"

Nilikwenda kumnyakua. Mama alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanamtikisika. Wanawake hawajui aliyemo ndani. Hiyo ndiyo sheria, na miaka yote nimewaona wakiishika vizuri sana.

Jioni, ngoma zimetulia, mama alichemsha tangawizi bila kuulizwa. Akamimina kwenye kikombe cha bati, akampa Shafii. "Mpelekee mgeni wako. Usivuke ule mkorosho mkubwa. Mjomba wako atakusindikiza."

"Mama, mizimu inakunywa chai?"

"Mimi nitajuaje, mwanangu? Wewe ndiye uliyekwenda jandoni."

Nilisimama hatua kumi kutoka kwenye mkorosho, nikampa kichaka mgongo kama inavyostahili. Nilisikia majani makavu. Nilisikia mtu akipuliza chai ya moto, akapuliza tena. Nilisikia mnong'ono pia, lakini watoto hunong'ona wenyewe, na mimi nilikuwa natazama barabara.

Kikombe kilirudi kitupu. Mama alikichungulia chini ya kibatari.

"Amemaliza?"

"Yote. Amesema sukari ilikuwa kidogo."

Mama alinitazama. Mimi nikatazama dari.

"Si ulisema Jabali haongei?" nikamuuliza.

Shafii alikwisha kuvuta sahani ya wali.

"Haongei na watu wazima," akasema, akala mpaka akamaliza.