Imefika: maneno ya mtoto wa pili, Baba anapotimiza miaka 80

Baba, shikamoo. Mama, shikamoo. Baba wadogo, shangazi, wajomba, wazee wote mliotangulia, shikamooni. Majirani wa hapa Korogwe na ndugu zetu mlioteremka kutoka Lushoto na Bumbuli, karibuni sana. Asalaam aleikum, na Bwana asifiwe.

Mshereheshaji amenipa dakika kumi. Mtu aliyelelewa na stesheni masta anajua dakika kumi ni kitu gani.

Kwanza niliseme hili, maana wajukuu wameniuliza tangu asubuhi kwa nini sherehe iwe leo. Karatasi za kazi za Baba zimeandikwa 1946 basi, hazina siku wala mwezi. Bibi alikuwa akisema alizaliwa mvua za vuli zikiwa zimekawia. Sisi watoto tukachagua leo kwa sababu shule zimefungwa na kila mtu ameweza kufika. Tulipomweleza Baba, aliuliza neno moja tu: "Wote watakuwepo?"

Mwezi uliopita nilikuja na dada yangu kusafisha nyumba tujiandae na ugeni. Katika kuhamisha vitu nimeviweka pembeni vitatu, viko juu ya meza hii. Naomba nivitumie, kwa sababu nikisema kwa kichwa tu nitalia kabla sijafika popote.

Cha kwanza ni hii taa ya mkono. Wa rika langu mnaifahamu. Ni ya mafuta ya taa, na ndani ina vioo vya kuzungusha: cheupe, chekundu, kijani. Baba alianza kazi ya reli mwaka 1967, enzi za reli ya pamoja ya Afrika Mashariki. Jumuiya ikavunjika 1977, shirika likagawanywa, ikaja TRC. Nembo kwenye kofia ikabadilika, taa ikabaki ileile. Sehemu kubwa ya maisha yetu tuliishi Mombo, kwenye nyumba za reli, hatua chache kutoka jukwaani, na taa hii ilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Ilikuwa mwiko kuigusa.

Kuna usiku mmoja sisi watoto tulikuwa na mitihani kesho yake, na chemli yetu imekauka. Mama akatoka kwenda kuomba mafuta kwa jirani, kibao cha dirisha kikigonga kwa upepo, na taa hii iko ukutani imejaa tele. Dada akauliza kwa nini tusimimine kidogo. Baba akajibu, "Haya ni mafuta ya treni." Hakukasirika hata kidogo. Alisema kama mtu anayekwambia huyu ng'ombe ni wa fulani. Mama akarudi na kichupa cha mafuta, tukasoma. Wakati ule niliona ni ugumu wa moyo. Nimekuja kusimamia watu na fedha za watu mwenyewe, na kila ninaposhika kitu kisicho changu naliona tena lile jicho la kijani ukutani.

Alipostaafu 2001 wakubwa wake walimpa aondoke nayo, pamoja na barua ya kuonyesha kwamba amepewa. Barua hiyo bado anayo. Anaweza kumwonyesha yeyote mwenye shaka.

Nina jambo jingine juu ya taa hii, lakini liacheni kwanza.

Cha pili ni birika. Mnaona pua yake imepinda, na mfuniko si wake. Mwaka 1983, mnakumbuka. Sukari ilikuwa kwa foleni, sabuni kwa foleni, unga wa yanga ndio chakula. Serikali inawasaka wahujumu uchumi na maduka hayana kitu. Mama alikuwa ameamka saa kumi alfajiri, akapanga foleni hadi jua kali, akarudi na kilo mbili za sukari. Kilo mbili! Aliifungia kabatini, ufunguo akaufunga kwenye pindo la khanga.

Usiku uleule mvua ikaharibu tuta la reli mbele yetu. Treni ikasimama Mombo, abiria wakashuka, akina mama na watoto migongoni, wengine walikuwa wakitaka kupanda Lushoto lakini hapakuwa na gari mpaka kupambazuke. Baridi ya mlimani inashuka pale chini usiku wa mvua, nyinyi wenyewe mnaijua. Baba akaja nyumbani amelowa, akasimama mbele ya Mama, akanyoosha mkono bila kusema kitu. Mama akaelewa. Akafungua pindo lile polepole sana.

Birika hili lilikwenda na kurudi jukwaani usiku kucha. Mimi nilikuwa na miaka 12, kazi yangu ilikuwa kubeba vikombe na kuvisuuza. Ndipo pua ilipopinda. Nilijikwaa kwenye reli nikaanguka nalo. Nilidhani nitapigwa. Baba aliniinua, akatazama kwanza goti langu, halafu birika, akasema, "Bado linamimina." Kulipokucha sukari ilikuwa imekwisha. Mama hakusema naye siku mbili, na haki ilikuwa yake, kwa maana foleni alipanga yeye. Nataka leo, mbele ya watu, tumshukuru Mama kwa sukari ile, kwa sababu wale abiria waliondoka wakimbariki stesheni masta na hawakujua pindo la nani lilifunguliwa. Makofi kwa Mama, tafadhali.

Na lazima niongeze: treni ilipokwama tena mwaka uliofuata, Mama ndiye aliyetangulia kuweka maji jikoni. Akatia na tangawizi.

Reli ilipolala miaka mingi, Baba hakuweza kulizungumzia jambo lile. Nyasi ziliota katikati ya njia, na yeye alikuwa akitembea jioni kuzitazama kama mtu anayetembelea kaburi. Mwishoni mwa 2019 treni ya abiria kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi iliporudi, alivaa koti na kofia yake ya zamani, akaenda stesheni ya hapa Korogwe mapema mno. Nilimfuata. Treni ilipoingia aliitazama, akatazama saa yake ya mkononi, akatoa penseli mfukoni, akaandika kwenye kiganja. Sikujua anaandika nini. Sasa najua.

Cha tatu ni huu mkebe wa biskuti. Tuliukuta chini ya kitanda chake. Baba, tulikuomba ruhusa kuufungua ukasema fungueni, nakushukuru. Ndani mna barua zetu zote. Ya dada alipokuwa bweni, ya mdogo wetu kutoka jeshini, kadi za harusi, ya mjukuu wa kwanza iliyoandikwa kwa kalamu za rangi. Na kila bahasha ina mwandiko wa Baba kwenye kona, kwa penseli: "Imefika", tarehe, saa. Saa za reli, ile hesabu yao ya mpaka 24. Baba alipokea barua zetu kama alivyopokea treni.

Chini kabisa mna daftari dogo lililopigwa mistari kama kitabu cha stesheni. Safu ya kwanza jina, ya pili kufika, ya tatu kuchelewa, ya nne sababu. Nilipolifungua nilikaa sakafuni.

Wengi hapa hamjui jambo hili, kwa sababu Baba na Mama hawakulisimulia kwa mtu. Mwaka 1991, nikiwa na miaka 20, niliondoka nyumbani bila kuaga. Matokeo yangu ya kidato cha nne yalikuwa mabaya, na Baba alikuwa ameuza mbuzi wake wote kwa ajili ya ada. Usiku mmoja wa mwezi wa tano treni ya mizigo ilisimama Mombo. Nilipanda behewa kwa upande wa giza, nikajikunyata nyuma ya magunia. Kupitia ufa wa ubao nilimwona Baba jukwaani. Akainua taa hii, akazungusha kioo, akatoa kijani. Treni ikaondoka. Aliniruhusu kwenda kwa mkono wake mwenyewe, wala hakujua aliyemo ndani.

Nilikwenda Mererani kutafuta mawe. Nilikuwa apolo kama vijana wengine, nikashuka mashimoni, nikaona wenzangu wakitolewa wamekufa kwa kukosa hewa. Sikuandika barua hata moja. Kila mwezi nilisema nitaandika nikipata kitu cha kutuma, na sikupata.

Daftari hili linasema: "Mei 1991. Wa pili. Haijafika." "Juni. Wa pili. Haijafika." Julai, Agosti, mwaka mzima wa 1992, kila mwisho wa mwezi, mwandiko uleule ulionyooka. Nimehesabu mistari. Ni 31. Hakuna mwezi aliouruka. Hata mwezi ambao Mama amenieleza kuwa alilazwa kwa malaria na Baba akalala naye hospitalini, mstari upo.

Desemba 1993 nilirudi. Nilishuka basi Mombo nikavuka reli kwa miguu. Baba alikuwa anafagia jukwaa. Akanitazama, akaegemeza ufagio ukutani, akasema, "Umekula?" Nikasema bado. Akaniongoza nyumbani, Mama akapiga yowe, na Baba akaingia chumbani kwake kwa muda kidogo kabla ya kuja mezani. Kwa miaka yote nilidhani aliingia kujizuia asinipige.

Aliingia kuandika. Mstari wa 32 unasema: "Wa pili. Amefika saa 17.20. Amekonda. Mzima." Kwenye safu ya kuchelewa: "Miezi 31." Na safu ya sababu ameiacha tupu. Jamani, mtu wa reli haachi safu ya sababu tupu. Nimepitia daftari zima; treni iliyochelewa kwa ng'ombe ina sababu, barua iliyokaa posta ina sababu. Ya kwangu peke yake haina, na miaka 30 na zaidi Baba hajawahi kuniuliza.

Baba, naomba niijaze leo, mbele ya mama yangu na wanangu. Sababu ilikuwa aibu. Nilijua umeuza mbuzi, nikaona siwezi kukutazama usoni. Sikuondoka kwa hasira, wala hukunikosea kitu. Nisamehe kwa zile jioni 31 ulizokaa na penseli.

Daftari hili hapa, nimelifungua kwenye ukurasa wenyewe. Penseli nimechonga. Sitaki niandike mimi, mwandiko wangu utaharibu ukurasa. Naomba uandike kwa mkono wako.