Mpangilio wa Meza: Karamu ya Wanawake, Harusi ya Mwanakhamis, Jumamosi Usiku

Nakala hii ni ya wapokezi watano wa mlangoni na mkuu wa jikoni. Isipigwe picha wala kurushwa kwenye makundi ya Watsapu, kwa sababu yamo maombi ya watu waliyoyasema kwa siri. Nakala itakayobandikwa mlangoni ina majina na namba za meza tu.

Mlango unafunguliwa saa 2:00 usiku, watu wakishasali Isha. Sinia zinatoka saa 3:00, zinaondolewa saa 3:45, na biharusi anaingia saa 4:00.

Ukumbi ulivyo

Njia ya biharusi inakata katikati, kutoka mlango mkubwa ulio nyuma mpaka jukwaani. Ukiwa umeelekea jukwaa, kushoto kwako kutoka mbele kwenda nyuma ni Meza 1, 4, 6 na 8. Kulia ni Meza 2, 3, 5 na 7, na Meza 9 iko pembeni kabisa karibu na mlango wa jikoni.

Meza ni ya watu wanane kwa sababu ya sinia, si kwa sababu ya viti. Sinia moja watu wanne, meza moja sinia mbili. Kiti cha tisa ukikibana kitaenea, lakini aliyekikalia hana sinia, atakula kwa kuchungulia. Meza 1 ni ya watu saba kwa kuwa kiti cha magurudumu kinahitaji nafasi. Meza 9 ni ndogo, watu sita, sinia mbili za watatu watatu. Mtoto wa kupakatwa hahesabiwi. Anayeweza kula mwenyewe anahesabiwa.

| Meza | Uwezo | Waliopangwa | Idadi | Wazi |
|---|---|---|---|---|
| 1 | 7 | Bi Zuwena (mama wa biharusi), Bi Time (bibi yake) na msichana anayemsaidia, mama wakubwa Bi Salma na Bi Rukia, shangazi Bi Fatma, Bi Mize (somo) | 7 | 0 |
| 2 | 8 | Bi Asha (mavyaa), dada zake watatu wa Wete, mawifi wanne | 8 | 0 |
| 3 | 8 | Bi Saada na binti zake wawili, majirani watano wa Limbani wakiwemo Bi Raya na Bi Hadia | 8 | 0 |
| 4 | 8 | Bi Nunuu na wakeze wana wawili, Bi Shemsa na mabinti watatu (Mkunazini) | 7 | 1 |
| 5 | 8 | Walimu wenzake biharusi | 8 | 0 |
| 6 | 8 | Bi Kulthum na mabinti zake watano (Maskati), Bi Thuwaiba na mkwewe | 8 | 0 |
| 7 | 8 | Bi Maryam na wenzake sita wa upatu (Mwembetanga) | 7 | 1 |
| 8 | 8 | Mashoga wa biharusi waliosoma naye | 7 | 1 |
| 9 | 6 | Mpambaji na wasaidizi wake wawili, wapiga picha wawili (wote wanawake) | 5 | 1 |
| Jumla | 69 | | 65 | 4 |

Maombi ya kutenganishwa

Sababu sikuziandika, nanyi msiziulize. Anayezijua anyamaze.

*Bi Asha na Bi Thuwaiba.* Hili ndilo zito kuliko yote. Meza 2 na Meza 6 ziko pande mbili za njia na safu moja kamili katikati, na ndivyo zibaki. Bi Thuwaiba ameahidi kufika mapema. Apelekwe moja kwa moja mpaka kitini kabla msafara wa mavyaa haujaingia. Mahali wanapoweza kugongana ni kwenye mabomba ya kunawia, kwa hiyo Meza 2 na Meza 6 zipelekewe birika na besini mezani, kabla ya kula na baada ya kula. Msipeleke Meza 2 peke yake, itaonekana. Pelekeni na Meza 1.

*Bi Nunuu na Bi Maryam.* Wameomba wasitazamane. Meza 4 na 7 zimepishana vya kutosha. Kiti kilicho wazi Meza 4 asipewe mtu yeyote aliyekuja na kina Bi Maryam, hata akisema ni kwa dakika tano.

*Bi Salma na Bi Rukia.* Ni ndugu, na kumtoa mmoja Meza 1 ni kumtangazia ukumbi mzima. Wameafikiana meza moja, sinia mbali. Sinia ya upande wa njia: Bi Time, msichana wake, Bi Zuwena na Bi Salma. Sinia ya upande wa ukuta: Bi Rukia, Bi Fatma na Bi Mize. Mpokezi wa Meza 1 awaketishe yeye mwenyewe, asiwaachie wachague.

*Bi Saada.* Yeye kaomba asikae na mawifi. Bi Asha kaomba akae nao. Nimempa Meza 3, ambayo iko nyuma ya Meza 2, na kila mmoja amepata nusu ya alichotaka.

*Bi Shemsa.* Ameomba jamaa mmoja asipewe kadi kabisa. Hilo silo la meza, na kadi ilikwishatoka. Halikukubaliwa, naye ameambiwa.

Tena sikilizeni: Bi Raya na Bi Hadia ni wake wenza, na wameomba wakae *pamoja*, sinia moja. Asije mpokezi mwenye huruma akawatenganisha.

Mengine ya mezani

Bi Time anabanwa na kifua. Chetezo cha udi kianzie Meza 4 kwenda nyuma, kisha kivuke upande wa pili. Meza 1 wapewe marashi tu. Spika ya kushoto imeshasogezwa ukutani kwa ajili yake, fundi wa muziki asiirudishe.

Wakizidi

Watazidi, harusi ni harusi. Aliyekuja bila kadi asisimamishwe mlangoni akahojiwa; akaribishwe, kisha mniite. Viti vinne vya wazi vinajazwa kwa mpango huu: kwanza Meza 8, halafu 7, halafu 4, mwisho 9. Vikiisha, kuna jamvi limetandikwa barazani, upande wenye upepo, na jikoni kuna sinia mbili za ziada juu ya zile kumi na nane za mezani. Hao ni watu wanane zaidi. Wapelekewe chakula wakati mmoja na wa ndani, si baada yao.

Boti ikichelewa

Wageni wa Meza 3 wanavuka kutoka Pemba Jumamosi asubuhi. Bahari ikichafuka wasifike, Meza 3 ibaki wazi mpaka saa 3:15, kisha walimu wa Meza 5 wasogezwe mbele. Meza 7 isisogezwe hata ikiomba: itakuwa ana kwa ana na Meza 4, na Bi Nunuu ataaga kabla ya halua. Meza 2 hawamo kwenye hesabu ya boti, wao wapo mjini tangu Alkhamisi.

Mabadiliko nitayapokea mpaka Ijumaa, sala ya Alasiri. Baada ya hapo anayetaka kuhama meza aletwe kwangu, nitakuwa nimesimama kulia mwa mlango mkubwa, nimevaa kijani. Mpokezi asimhamishe mtu kwa idhini yake, hata kama anayeomba ni mamake.

Khadija, kwa niaba ya Bi Zuwena